Mtindi Uliokufa Haugandishi Maziwa: Onyo kwa Walio Ughaibuni

Ukitaka kugandisha maziwa huku ughaibuni, soma maandishi ya nyuma ya kopo la mtindi kabla ya yale ya mbele. Nasema hivi kwa uchungu. Mtindi nilioununua uwe mbegu ya kugandishia ulijitangaza mbele, kwa herufi kubwa, kwamba umegandishwa na bakteria wa asili. Hilo lilikuwa kweli. Nyuma, kwa herufi za kuumiza macho, waliandika kwamba baada ya kuganda ulipashwa moto. Yaani bakteria walifanya kazi yao, kisha wakauawa ili kopo likae dukani muda mrefu zaidi.

Nilihakikisha kwa kuchemsha lita moja ya maziwa katika sufuria moja na kuyagawa katika mitungi miwili. Mmoja nikautia kijiko cha mtindi ule, mwingine kijiko cha mtindi ulioandikwa kuwa una bakteria hai. Nikaifunika kwa blanketi moja usiku kucha. Asubuhi mtungi wa pili ulikuwa umeganda hata ukiuinamisha hautikisiki, na ule wa kwanza ulikuwa maziwa majimaji, vuguvugu, yasiyo na uchachu wowote. Maziwa yalikuwa yaleyale na joto lilelile. Mbegu tu ndiyo iliyotofautiana.

Ndugu zetu wakipiga simu hutuambia, "Yaache tu mezani, yatajigandisha yenyewe." Mama zangu na shangazi zangu, nawaheshimu, lakini hilo ni la maziwa mabichi, ambayo huja na bakteria wake wa kuchachusha. Maziwa ya dukani yamepita kwenye joto la nyuzi 72 hivi za Selsiasi kwa sekunde 15, na bakteria hao wengi wamekufa. Wanaosalia wengi ni wale wanaojifunika kwa ganda gumu wasiuawe na joto hilo, na kazi yao ni kuozesha. Ukiyaacha mezani utapata maziwa machungu yenye harufu mbaya. Usiyanywe, na usimpe mtoto kwa sababu tu yanafanana na mgando. Maziwa ya pakiti yanayokaa miezi bila friji yamepikwa zaidi. Hayo yanagandishika ukiyatia mbegu hai, ila huwa mepesi kidogo.

Hatua zenyewe mnazijua: chemsha, poza, tia mbegu, funika. Nieleze tu kwa nini joto lisikosewe. Bakteria wa mtindi ni wa aina mbili wanaosaidiana, mmoja wa duara na mwingine mrefu kama kijiti. Hula sukari ya maziwa na kutoa asidi. Protini kuu ya maziwa, kasini, huelea katika chembe ndogo zinazosukumana. Asidi ikizidi, pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho hushuka kadiri uchachu unavyozidi, ikashuka kutoka karibu 6.7 hadi karibu 4.6, chembe hizo huacha kusukumana, hushikana na kuwa wavu unaonasa maji ndani yake. Huo ndio uzito unaouona. Ukiyashikilia maziwa kwenye nyuzi 85 kwa dakika 20 kabla ya kuyapoza, protini nyingine zinazobaki majini nazo hujishikiza kwenye kasini na wavu ukawa imara. Kisha subiri yashuke hadi nyuzi 43 hivi ndipo utie mbegu, vijiko viwili kwa lita. Ukiitia maziwa yakingali moto wa kuunguza kidole, umeiua mwenyewe, na hata mbegu bora haitakufaa. Yakae na joto hilo saa sita hadi nane, kisha yaingie friji.

Asidi hiyohiyo ndiyo inayoufanya mtindi udumu. Bakteria wengi wanaoozesha maziwa hawawezi kuzaliana humo, kwa hiyo mtindi huweza kukaa friji wiki mbili au zaidi wakati maziwa yaliyofunguliwa hukaa siku chache tu. Lakini asidi haizuii ukungu wala hamira. Ukiona manyoya au madoa ya kijani au waridi, mwaga yote, usikwangue juu tu. Mapovu na harufu ya pombe ni dalili ya hamira. Maji ya manjano-kijani yanayotuama juu si ubovu, yakoroge. Na kuchacha hakusafishi maziwa mabichi yenye maradhi, kwa hiyo siwalaumu wenyeji wa huku kwa kupasha maziwa yao moto. Ninachowalaumu ni kuupasha mtindi uliokwisha kuganda na kulificha neno hilo nyuma ya kopo, maana mnunuzi anaamini anapata kitu kilicho hai.

Basi kila ukibadilisha aina ya mtindi, usiitie kwenye sufuria nzima. Ijaribu kwanza kwa kikombe kimoja. Kisigande baada ya saa nane, itafute mbegu nyingine, na ukiipata hai, weka kando vijiko viwili vya kugandishia tena ndani ya wiki hiyohiyo kabla watoto hawajaumaliza.