Kuaga mapema bila kuvunja baraza

Ukialikwa chakula cha usiku na unajua utaondoka saa tatu wakati wenzako watakaa hadi saa tano, mwambie mwenyeji mapema, pale unapofika: "Mama, leo nitaomba ruhusa mapema kidogo, alfajiri nina safari." Hapo kuondoka kwako hakutamshtua.

Usiinuke mara tu baada ya kunawa mikono, kwani utaonekana ulifuata sahani. Kaa hadi chai au kahawa ipite, unywe japo kikombe kimoja, halafu subiri mazungumzo yatue. Anayeinuka katikati ya kisa cha mtu mwingine humkata msimuliaji.

Mfuate mwenyeji alipo, umwambie kwa sauti ya chini: "Tumekula, tumeshiba, Mungu awazidishie. Ule mchuzi wa nazi umenikumbusha nyumbani. Naomba ruhusa." Taja chakula kimoja kwa jina, shukrani ya jumla husahaulika. Akisema "Mbona mapema hivyo?", hajakukataza, hiyo ni heshima yake kwako. Jibu moja linatosha: "Panapo majaaliwa nitarudi tukae zaidi." Ukianza kueleza sababu tatu, wageni wote watageuka kusikiliza.

Kinachovunja baraza hasa ni kusindikizwa. Mwenyeji akikufuata hadi barabarani, wageni hubaki peke yao, na wengine huanza kutafuta viatu. Mlangoni mwambie, "Hapa panatosha, rudi kwa wageni." Wakubwa waliokaa karibu na njia wape mkono, waliobaki, "Haya jamani, usiku mwema" moja inawatosha wote.