Kuzima moto wa gari la umeme: kazi ngumu huanza miali ikizimika

1. Kaa upande upepo unakotoka, vaa vifaa vya kupumulia tangu mwanzo, zuia matairi kwa vigingi. Moshi mweupe unaotoka chini ya gari kwa kishindo si mvuke wa maji. Ni gesi za betri. Zina sumu na zinaweza kulipuka.

2. Agiza maji ya ziada kabla hujafungua mpira wa kwanza. Mwongozo wa Tesla kwa waokoaji hutaja takriban lita 11,000 hadi 30,000 kwa betri moja. Kama tangi lenu ni la lita 4,000, hayo ni matangi matatu hadi manane, kwa hiyo tafuta bomba la mtaani au maboza mapema.

3. Elekeza maji kwenye betri yenyewe. Hapa ndipo wengi hupoteza saa nzima. Betri iko chini ya sakafu, ndani ya sanduku la chuma lisilopitisha maji, na anayemwagia boneti na viti anaosha gari tu. Seli moja ikizidi joto huvunjika ndani, hutoa joto na gesi, kisha huiwasha jirani yake. Mnyororo huo hauhitaji hewa ya nje, ndiyo maana poda na kaboni dayoksaidi huzima miali bila kuukata. Kinachoukata ni kupoza. Inua gari upande mmoja kama ni salama, uweke magogo ya kulishikilia, halafu piga maji chini yake mfululizo. Usitoboe sanduku wala usikate nyaya za rangi ya chungwa. Blanketi la moto silipendi kwa kazi hii: hufunika miali, lakini gesi hukusanyika chini yake na betri inaendelea kuchemka.

4. Miali ikiisha, pima kwa kamera ya joto, upumzike, upime tena. Kamera huona ganda la nje tu, hivyo kipimo kimoja hakitoshi. Joto likipanda tena, au ukisikia milio ya kupasuka, rudisha maji. Ondoka baada ya angalau saa moja bila joto lolote kupanda.

5. Mwambie mwenye winchi kwamba gari hili bado lina umeme ndani. Seli ambazo hazikuungua zimebaki na chaji, na nyaya zikishakatika hakuna njia rahisi ya kuitoa. Huko Mountain View, Kalifornia, Tesla Model X iligonga kizuizi cha barabara tarehe 23 Machi 2018 na kuwaka. Ilizimwa, ikasindikizwa na gari la zimamoto hadi yadi ya San Mateo. Siku tano baadaye betri iliwaka tena hapo yadini.

Kwa hiyo liegeshwe nje, mita 15 kila upande bila gari, ukuta wala paa. Mlinzi apewe namba ya zimamoto na aelezwe dalili: moshi, harufu kali, milio ya kupasuka. Usiku asilale karibu nalo.