Shimo moja, watu wanne: nani atalipwa fidia akiumia kwako?

Wenzangu wa Busia na Tororo, swali la "mtu akiumia kwenye eneo langu, nitalipa?" halina jibu moja hapa Uganda. Jibu linategemea aliyeumia aliingia vipi.

Kabla hatujaanza, tahadhari moja. Ukivuka mpaka tu, Kenya wana Sheria ya Wajibu wa Wakaaji wa Majengo, Sura ya 34, ambayo iliwaweka wageni wote halali kwenye kapu moja. Uganda haina sheria ya namna hiyo. Majaji wetu wanatumia mapokeo ya Kiingereza, yaani sheria iliyojengwa na hukumu za zamani, na huko bado wageni wamegawanywa kwa mafungu. Nimewahi kuona hati ya madai iliyonakiliwa kutoka ng'ambo ya mpaka neno kwa neno, Sura ya 34 ikiwa ndani. Mdaiwa alicheka.

Tuchukue mfano wa kubuni. Loji ya vyumba sita. Mwenyewe amechimbisha shimo la choo kati ya vyumba na jikoni, kina chake futi 12. Ijumaa jioni fundi analifunika kwa mabati mawili na kwenda zake. Taa ya uani imeungua. Usiku ule wanatumbukia watu wanne, mmoja baada ya mwingine: mgeni aliyelipia chumba, muuza mkaa aliyeleta gunia jikoni, shangazi wa askari wa lango aliyepita kumsalimu mpwa wake, na mtoto wa miaka minane aliyepenya kwenye tundu la ua kuokota maembe.

Hatua ya 1: Tafuta anayeshika mahali

Usikimbilie jina lililo kwenye hati ya ardhi. Sheria inamtazama mwenye usimamizi wa mahali: nani ana funguo, nani aliyemwita fundi, nani angeweza kusema "wekeni taa pale". Wanaweza kuwa wawili kwa pamoja. Kesi ya Wheat dhidi ya Lacon ya 1966, ya Uingereza kama nyingine zote nitakazozitaja, ilisema hivyo juu ya kampuni ya bia na meneja wake aliyeishi ndani ya baa. Kwa hiyo mwenye jengo anayeishi Kampala na kukodisha loji yote anaweza kuwa nje kabisa ya kesi, na mpangaji wake akawa ndani.

Hatua ya 2: Mpe kila mtu fungu lake, pale pale alipoumia

Aliyelipia chumba aliingia kwa mkataba. Muuza mkaa ni mwalikwa, maana ujio wake una faida kwa loji. Shangazi ni mruhusiwa: hakuna aliyemkataza, lakini loji haikuwa na biashara naye. Mtoto, kwa kumtazama harakaharaka, ni mvamizi.

Angalia lakini: fungu hubadilika mtu akihama. Mgeni wa chumba namba 2 akifungua mlango wa stoo ulioandikwa "Wafanyakazi tu", humo ndani amekuwa mvamizi, hata kama risiti iko mfukoni.

Hatua ya 3: Pima wajibu

Kwa aliyelipa, kipimo ni kikali. Mahali panatakiwa pawe salama kadiri uangalifu na ustadi unavyoweza kupafanya. Kusema "fundi ndiye aliyezembea" hakumsaidii sana mwenye loji.

Kwa mwalikwa tunarudi kwenye kesi ya Indermaur dhidi ya Dames ya 1866, ya fundi wa gesi aliyeanguka kwenye tundu la sakafu katika kiwanda cha sukari. Mwenye mahali anatakiwa kuchukua hatua za busara dhidi ya hatari isiyo ya kawaida anayoijua *au aliyopaswa kuijua*. Kwa mruhusiwa, anatakiwa tu kumwonya juu ya hatari iliyofichika *anayoijua kweli*.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi. Kwa shimo letu haibadilishi kitu, kwa sababu mwenye loji ndiye aliyeagiza lichimbwe. Muuza mkaa na shangazi wote wana kesi nzuri. Sasa badilisha jambo moja. Tuseme hakukuwa na shimo jipya, bali mfuniko wa zege wa shimo la zamani uliooza kwa chini, na mwenye loji hakuwahi kuukagua. Muuza mkaa bado anashinda: alipaswa kukagua. Shangazi anashindwa, kwa kuwa mwenye loji hakujua. Binafsi naona si haki, miguu miwili ikivunjika kwenye mfuniko mmoja, lakini ndivyo mapokeo yalivyo.

Mtoto ndiye mgumu. Mwaka 1929, katika kesi ya Addie dhidi ya Dumbreck, mtoto wa miaka minne aliuawa na mtambo wa mgodi, na familia ikashindwa. Mvamizi, walisema majaji, hana haki ila asiumizwe kwa makusudi au kwa kutojali kabisa. Kisha 1972 ikaja kesi ya Herrington: mtoto wa miaka sita alipita kwenye ua uliobomoka akaungua kwenye reli ya umeme, na wakuu wa reli walikuwa wameshaarifiwa kuwa watoto huonekana pale. Majaji wakasema mwenye mahali anatakiwa kuwa na utu hata kwa mvamizi. Hukumu hiyo haiwafungi majaji wetu, ila ina uzito wa kushawishi. Maswali yake ni haya: mwenye mahali alijua nini hasa, hatari ni kubwa kiasi gani, na kuizuia kungemgharimu nini kwa uwezo wake? Kusogeza mbao tatu na mawe juu ya shimo si gharama.

Kuna njia nyingine ya wakili wa mtoto. Kama kila msimu wa maembe watoto hupita kwenye tundu lile, na askari huwatazama tu, au hata huwaangushia, ruhusa imeshazaliwa bila kutamkwa. Mtoto anapanda na kuwa mruhusiwa. Ndiyo maana shahidi wa kwanza wa kutafuta ni jirani anayejua mazoea ya ua ule.

Hatua ya 4: Hesabu muda

Madai ya uzembe yenye majeraha ya mwili yana miaka mitatu. Kama mtu amefariki, wategemezi wana miezi 12 tu, na wengi huimaliza kwenye matanga na vikao vya ukoo. Piga picha shimo kesho yake asubuhi, kwa sababu jioni litakuwa limezibwa.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nimebandika "Ukiingia ni kwa hatari yako". Sijajikinga?*

Marahaba. Inategemea. Jaji atauliza kama mtu aliliona bango na kulielewa. Bango la Kiingereza gizani halimsaidii mtu wa sokoni. Na kwa mgeni wa chumba, tangazo analolikuta ukutani baada ya kulipa mapokezi limechelewa. Kesi ya Olley ya 1949 iliamua hivyo.

*Kaka, tumshtaki fundi au mwenye loji?*

Wote wawili. Fundi hashiki mahali, kwa hiyo mafungu haya hayamhusu. Yeye anapimwa kwa uzembe wa kawaida. Katika kesi ya Billings dhidi ya Riden, 1958, wakandarasi walioharibu njia ya kuingilia walilipa ingawa aliyeumia alikuwa mgeni wa kutembelea tu.

*Wezi wamenizidi. Nikiunganisha waya wa umeme kwenye ua?*

Usithubutu, ndugu yangu. Chupa juu ya ukuta zinaonekana, mwizi anachagua mwenyewe. Waya uliofichwa ni mtego, na hata ile sheria kali ya 1929 haikuruhusu kumuumiza mvamizi makusudi. Utalipa fidia, na polisi nao watakuwa na maswali yao.