Siprofloksasini, vidonge vya damu na chai ya maziwa: jinsi ya kupanga saa

Bahasha ya duka la dawa huandikwa "1×2", na mara nyingi maelezo huishia hapo. Maana yake ni kidonge kimoja mara mbili kwa siku, yaani kila baada ya saa 12. Kisichoandikwa ni kile unachokimezea, na kwa Mnairobi hicho mara nyingi ni chai ya maziwa. Dawa nyingi hazijali. Siprofloksasini, ambayo hutolewa sana kwa maambukizi ya njia ya mkojo, inajali.

Kalsiamu iliyo kwenye maziwa hushikana na dawa hii tumboni. Kinachotokea ni kitu kisichoweza kupenya ukuta wa utumbo, kwa hiyo kinatoka na choo badala ya kuingia kwenye damu. Ukimeza kidonge na maziwa, unaweza kupoteza karibu theluthi moja ya dawa. Madini ya chuma, zinki, na magnesi na alumini zilizomo kwenye dawa za kiungulia hufanya vivyo hivyo, na chuma, magnesi na alumini kwa nguvu kuliko maziwa. Vidonge vya damu ni madini ya chuma, na ndiyo sababu mpango ulio hapa chini unavihusu pia.

Kanuni ya siprofloksasini ni hii: imeze angalau saa 2 kabla ya vitu hivyo, au saa 6 baada yake. Muda wa baadaye ni mrefu kwa sababu madini hukawia tumboni na kwenye utumbo, nayo dawa ikiyakuta huko hunaswa. Chakula cha kawaida hakina shida, hata kikiwa na maziwa kidogo ndani yake. Kinachokatazwa ni maziwa, mtindi au maziwa lala peke yake. Chai yetu, ambayo nusu yake au zaidi ni maziwa, ihesabu kama maziwa.

Tumchukue mama anayefanya kazi mjini, ameandikiwa siprofloksasini miligramu 500 mara mbili kwa siku, na tayari anameza kidonge cha damu kila siku. Si mjamzito, mjamzito asianze dawa hii bila daktari kujua.

Hatua ya 1. Saa 11 alfajiri, kabla ya kwenda kuvizia matatu, ameze siprofloksasini na glasi nzima ya maji. Akihisi kichefuchefu, atafune mkate mkavu au kiazi kitamu pamoja nayo.

Hatua ya 2. Kuanzia saa 1 asubuhi anaweza kunywa chai ya maziwa. Saa 2 zimepita.

Hatua ya 3. Saa 4 asubuhi ameze kidonge cha damu kwa maji. Zimebaki saa 7 kabla ya kipimo cha jioni, kwa hiyo pengo linatosha. Chungwa moja litasaidia chuma kuingia mwilini, kwa sababu ya vitamini C. Chai asiiguse kwa angalau saa 1 baada ya hapo: tanini ya majani ya chai hushika chuma, iwe na maziwa au bila maziwa.

Hatua ya 4. Hapa ndipo mpango huharibika. Chai ya saa 10 jioni ofisini iko saa moja tu kabla ya kipimo cha jioni. Kuanzia saa 5 asubuhi hadi jioni asinywe chai ya maziwa, wala mtindi, wala asimeze dawa ya kiungulia. Ugali na sukuma wakati wa chakula cha mchana ni sawa.

Hatua ya 5. Saa 11 jioni, kipimo cha pili, kwa maji. Chai ya maziwa irudi saa 1 usiku.

Mpango huu unafanya kazi, lakini ukinitaka rai yangu, muulize kwanza aliyekuandikia dawa kama kidonge cha damu kinaweza kusubiri siku hizo chache. Mara nyingi kinaweza, na jambo la kukumbuka linakuwa moja tu badala ya mawili.

Utajuaje dawa haikufika? Tumbo halitakuambia lolote. Hakuna maumivu yanayotokana na dawa kunaswa. Dalili ni ugonjwa wenyewe: baada ya siku mbili au tatu mkojo bado unachoma, au homa haishuki. Rudi kituoni, na usisahau kusema ulikuwa ukimezea nini. Ukinyamaza, daktari anaweza kudhani kwamba vijidudu vyako ni sugu na kukubadilishia dawa bure. Homa kali, baridi ya kutetemeka au maumivu ya kiunoni yakija, usingoje siku hizo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Kayole): Leo asubuhi nimeshameza siprofloksasini na chai ya maziwa. Nirudie kidonge?

Jibu: Hapana, dada. Sehemu ya dawa imeingia, na hujui ni kiasi gani. Ukirudia unaweza kuzidisha. Endelea na kipimo cha jioni kwa saa yake, kwa maji. Mara moja si balaa, lakini kila siku ni matibabu yaliyopungua.

Swali (Githurai): Basi ninywe strungi tu?

Jibu: Strungi haina kalsiamu ya maziwa, kwa hiyo haiinasi siprofloksasini. Lakini dawa hii hupunguza kasi ya ini kuvunja kafeini. Vikombe vyako vya kawaida vinaweza kukufanya moyo udunde na usingizi ukimbie. Punguza idadi, na chai isikolee.

Swali (Kawangware): Mtoto wangu amepewa AL ya malaria na hataki kula. Nimsubirishe bila maziwa pia?

Jibu: La, mama, kwa AL ni kinyume kabisa. Lumefantrini, mojawapo ya dawa mbili zilizomo ndani ya AL, huingia mwilini kwa msaada wa mafuta. Ikimezwa kwenye tumbo tupu huingia kidogo mno, na malaria inaweza kurudi baada ya dozi kwisha. Mpe maziwa, au uji wenye maziwa au siagi ya karanga, kisha dawa. Ratiba ni vipimo 6 kwa siku 3: cha kwanza, cha pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Akitapika ndani ya saa moja rudia kipimo, na uende kituoni kuchukua cha kufidia. Akiendelea kutapika, au akilegea na kusinzia, mpeleke hospitali mara moja.

Swali (Umoja): Nina metronidazoli, na Jumamosi kuna harusi. Bia mbili?

Jibu: Subiri, ndugu. Onyo ni kutokunywa pombe wakati wa dozi na baada yake. Maelezo mengine husema saa 48, mengine siku 3, na mimi nashika siku 3. Watu wameripoti uso kuwaka, kichwa kugonga, kutapika na moyo kwenda mbio. Si kila mtu hupata hayo, na wataalamu wanabishana kuhusu ukubwa wa hatari hiyo, lakini huwezi kujua mapema wewe uko upande gani. Usiruke kidonge ili upate nafasi ya bia. Soma pia chupa ya dawa ya kikohozi kabla ya kuinywa, maana baadhi zina pombe ndani.