Kabla hujaiamini sura kwenye video

Kabla ya kukagua chochote, elewa kwanza kinachobadilishwa. Programu nyingi za kupandikiza sura hazigusi kichwa kizima. Hubandika kipande cha mbele tu, kuanzia juu kidogo ya nyusi hadi kidevuni, shavu hadi shavu. Masikio, shingo, mabega na mara nyingi nywele hubaki za yule aliyekaa mbele ya kamera. Kwa hiyo unachotafuta ni mshono, pale sura ya mtu mmoja inapokutana na mwili wa mwingine.

Tafuta nakala iliyo safi kadiri inavyowezekana. Video iliyopita kwenye magrupu matano ya WhatsApp imeshabanwa hadi ngozi imekuwa kama nta, na ukungu huo unaficha mshono wa kweli na kuzua kasoro pasipo na kasoro. Nusura nimtilie shaka shangazi yangu kwa sababu meno yake yalionekana kama utepe mweupe. Aliponitumia video ileile kama faili, jino moja moja lilionekana. Ukishaipata, itazame kwenye skrini kubwa, zima sauti, punguza kasi hadi robo, na uwe na picha mbili tatu za zamani za mtu huyo ambazo una hakika nazo.

Anza na taya na shingo. Machi 2022 ilisambazwa video ya Rais Zelensky wa Ukraine akiwaambia askari wake waweke silaha chini. Kichwa kilionekana kikubwa kuliko mwili ulivyostahili, rangi ya uso haikulingana na ya shingo, na mwili ulikuwa umeganda huku uso ukiongea. Zelensky mwenyewe aliikanusha haraka. Siku hizi kazi ni safi zaidi, ila taya bado ni mahali pazuri pa kuvizia, hasa mtu anapogeuza kichwa. Ukingo wa shavu hutetemeka, ndevu hukatika ghafla chini ya sikio, au fremu ya miwani huyeyuka inapokutana na kipaji.

Halafu masikio, ambayo mimi nayaamini kuliko yote kwa sababu kwa kawaida hayabadilishwi. Linganisha na picha ya zamani iliyopigwa kwa pembe ileile: je, ndewe imeshikana na shavu au inaning'inia? Mkunjo wa juu ni mpana au mwembamba? Sura ikiwa ya mjomba na sikio si lake, umepata jibu. Ila ujanja huu haufai kwa video ya kweli iliyochezewa mdomo tu ili mtu aonekane anasema jambo jingine. Hapo masikio ni yake halali.

Kwa hiyo nenda mdomoni. Simamisha video midomo inapotanuka, anapotamka "i" au "e", kwa mfano kwenye neno "hela". Rudia sehemu nne au tano tofauti. Meno ya kweli hayahami. Kwenye sura ya kupandikizwa huenda yakaungana kuwa kipande kimoja, au idadi yake ikabadilika kati ya sentensi mbili. Kama mtu ana mwanya, umerahisishiwa kazi: mwanya unaotokea na kupotea haujawahi kuwa mdomoni mwa binadamu.

Mwanga usiufanye ushahidi wa kwanza. Angalia kivuli cha pua kimeangukia upande gani, kisha kivuli cha kidevu shingoni. Dirisha likiwa kushoto, vyote viegemee kulia. Lakini chumba chenye taa mbili, au simu iliyoshikwa karibu na uso, hutoa vivuli vya ajabu kwa mtu wa kweli pia, ndiyo maana naliacha la mwisho.

Kama ni simu ya video inayoendelea, mwombe ageuke hadi uone upande mmoja tu wa uso, kisha apitishe vidole vilivyotanuliwa polepole mbele ya pua. Programu dhaifu hupoteza alama za uso hapo, sura ikaruka au vidole vikazama ndani ya shavu. Programu nzuri hustahimili. Mwaka 2018 watu walifundishwa kuangalia kama macho yanapepesa, na haikuchukua muda kasoro hiyo ikarekebishwa. Kuona kasoro kunakupa sababu ya kukataa. Kutoiona hakukupi sababu ya kutuma pesa. Akidai kamera yake mbovu au ana haraka, kata, kisha upige wewe kwa namba uliyoihifadhi siku nyingi, si ile iliyokupigia.