Barua pepe ya kuomba ushirikiano: muombe nahodha safari moja tu

Tuchukue mwenye nyumba ya wageni Shela, Lamu, vyumba sita, anayetaka kushirikiana na nahodha mwenye mashua mbili za kupeleka watalii kwenye magofu ya Takwa, kisiwa cha Manda. Wateja wao ni walewale, biashara haziingiliani, na hakuna mkubwa wa kumwamrisha mwenzake.

Hatua ya kwanza: piga hesabu ya upande wa nahodha. Tuseme mashua inabeba wageni wanane lakini mara nyingi inaondoka na wanne, kila mmoja kwa shilingi 3,500. Mabaharia na chombo vimeshalipiwa na hao wanne. Mgeni wa tano anaongeza gharama ya samaki, wali na maji ya kunywa, tuseme 600. Hata nahodha akikuachia 500, anabakiwa na 2,400 kwa kiti ambacho kingekwenda kitupu. Faida yako kubwa wewe si hiyo 500: mgeni mwenye safari ya keshokutwa hulala usiku mmoja zaidi. Liseme hilo katika barua. Nahodha atajiuliza unapata nini, na usipomwambia atakisia, tena atakisia vibaya.

Hatua ya pili: chagua ombi moja. Wengi huandika "tukutane tuzungumzie ushirikiano". Hapo nahodha anaona kikao, kahawa, kisha kikao kingine. Omba safari moja yenye tarehe. Usiandike "kila Jumamosi saa tatu". Maji huchelewa karibu dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa ambayo wiki hii yamejaa, wiki ijayo yamekupwa, na mkono wa bahari unaoingia Takwa kati ya mikoko haupitiki. Ukiandika hivyo umejitangaza kuwa hujui kazi yake. Taja siku, saa mwachie mwenyewe.

Hatua ya tatu: andika. Mfano:

> Kichwa: Wageni wanne wa Takwa, Jumamosi tarehe 14
>
> Assalaam aleikum Nahodha,
>
> Mimi ni mwenye nyumba ya wageni ya vyumba sita hapa Shela. Wageni wangu wawili walisafiri nawe mwezi uliopita, wakarudi wakisifu samaki wako wa kuchoma.
>
> Wageni huniuliza safari za baharini nami sina chombo. Wewe unavyo, na huenda siku nyingine viti havijai.
>
> Naomba tujaribu safari moja: Takwa, Jumamosi tarehe 14, wageni wanne kutoka kwangu, saa utakayopanga kwa kufuata maji. Bei ni yako, 3,500 kwa kila mmoja. Nitakutumia 12,000 kwa M-Pesa Ijumaa jioni, na 2,000 zibaki kwangu. Faida yangu nyingine ni kwamba wageni hulala kwangu usiku mmoja zaidi.
>
> Baada ya hapo kila mmoja yuko huru kuendelea au kuacha.
>
> Je, siku hiyo una viti vinne? Naomba jibu kabla ya Jumatano.

Hao wanne wawe wageni waliokwisha kukuomba safari. Ukiandika idadi ya kubuni na siku hiyo wakatokea wawili, barua ya pili haitasomwa. Mambo ya mkataba, picha zake kwenye tovuti yako, au kumtaka asichukue wageni wa nyumba nyingine, yote hayo yasubiri.

Maswali ya wanachama

*Kutaja kamisheni barua ya kwanza si kukosa adabu?*
Kukosa adabu ni kuitaja baada ya safari, gatini, mbele ya wageni. Ila acha bei yake kama ilivyo. Usimwombe apunguze na hapohapo akukatie.

*Akinyamaza je, kaka?*
Kumbusha mara moja, Jumanne: "Nahodha, bado nakushikia wale wanne, niwaambie nini?" Jumatano ikipita, mwandikie mwenye chombo mwingine. Tarehe ndiyo inayokusaidia hapo, maana barua isiyo na tarehe hujui lini imekufa.

*Wageni wakipata ajali baharini, lawama ya nani?*
Watakurudia wewe, kwa kuwa pesa walikupa wewe. Akishakubali, kabla hujatuma M-Pesa, nenda ukaone leseni ya chombo na jaketi za kuokolea, moja kwa kila kichwa. Usiyaweke haya katika barua ya kwanza, yatasomeka kama ukaguzi. Hana? Safari haipo.

*Mimi niko Malindi, nina gari moja la kupeleka watu Marafa. Naweza kuiandikia hoteli ya vyumba 80 hivihivi?*
Hesabu itabadilika, dada. Meneja ataomba ruhusa kwa wakubwa, atataka ankara, na malipo huenda yakaja mwisho wa mwezi ilhali mafuta unanunua leo. Anza na nyumba ya wageni inayojaza gari lako moja. Hoteli ikikupa watu kumi siku moja, utawapakia wapi?