Kabla hujalipia bustani ya harusi Dar: soma kwanza jedwali la hali ya hewa

Mama mmoja alinijia na tarehe nne za harusi ya binti yake, zote Jumamosi za mwaka 2027: 6 Februari, 29 Mei, 21 Agosti na 30 Oktoba. Wanataka bustani ya wazi karibu na bahari jijini Dar es Salaam, ndoa saa 10 alasiri, chakula saa 2 usiku, wageni 300. Akaniuliza, "Mwanangu, ipi haina mvua?" Nikamwambia, mama, tukae na jedwali. Nitakuonyesha tulivyolisoma, na ukishajua, utaweza kulisoma la Mombasa, Arusha au mji wowote unaoufikiria kwa mkutano au kuhamia.

Hatua ya 1: Tazama chini ya jedwali kabla ya tarakimu

Chini au juu ya jedwali huandikwa miaka iliyotumika na kituo kilichopima. Shirika la Hali ya Hewa Duniani hutumia wastani wa miaka 30, na kipindi cha sasa ni 1991 hadi 2020. Jedwali la miaka mitatu au minne liache, maana mwaka mmoja wa mvua kubwa unatosha kulipotosha. Kituo nacho kina maana. Vipimo vya Dar vinavyozunguka mtandaoni mara nyingi ni vya uwanja wa ndege, ambao uko ndani kidogo kutoka ufukweni. Mvua ya huko inakupa picha ya jiji, lakini upepo wa pwani hauuoni humo.

Hatua ya 2: Milimita na siku za mvua ni mambo mawili

Wengi husoma safu ya milimita tu. Kwa Dar, wastani wa Aprili ni karibu milimita 250, Mei karibu 200, Juni hushuka hadi kama 43, kisha Julai mpaka Septemba ni kama 25 kila mwezi. Hiyo inakuambia maji kiasi gani yatashuka. Haikuambii mvua itanyesha siku ngapi, na harusi ni siku moja.

Kwa hiyo tafuta safu ya siku za mvua. Ukiikuta siku 4 katika mwezi wa siku 31, gawa: 4 kwa 31 ni kama asilimia 13, yaani Jumamosi moja kati ya nane. Siku 15 katika mwezi wa siku 30 ni nusu kwa nusu. Kisha gawa milimita kwa siku, ujue mvua yenyewe ni ya namna gani. Milimita 25 kwa siku 4 ni kama 6 kila siku, manyunyu au mvua fupi ambayo hema la kawaida linaimudu. Milimita 250 kwa siku 15 ni zaidi ya 16 kila siku, na hapo gari la mpishi linakwama kwenye majani.

Angalia pia siku ya mvua imehesabiwa vipi. Majedwali mengi huanzia milimita 1, mengine huanzia 0.1. La pili litakuonyesha siku nyingi zaidi kwa mji uleule, kwa hiyo usilinganishe miji miwili iliyohesabiwa tofauti.

Hatua ya 3: Mwezi si kipande kimoja

Hapa ndipo tarehe 29 Mei ilipomvutia mama. "Si masika yanakuwa yameisha?" Niliwahi kuamini hivyo. Miaka ya mwanzo nilipanga harusi Jumamosi ya mwisho ya Mei, tukaamka na bustani iliyoloa kiasi kwamba miguu ya viti ilizama, na wageni walisimama saa nzima wakisubiri tupange upya ndani.

Tazama miezi ya jirani: Aprili 250, Mei 200, Juni 43. Mporomoko mkubwa uko kati ya Mei na Juni. Mvua ya Mei huelekea kuwa nyingi mwanzoni na kupungua kadiri mwezi unavyokwenda, lakini lini hasa inakatika hubadilika mwaka hadi mwaka. Tarehe iliyo ukingoni mwa mwezi isome kwa miezi yote miwili. Nilimwambia mama kwamba wiki tatu tu mbele, katikati ya Juni, kungekuwa na usalama mkubwa zaidi. Mei tukaifuta.

Hatua ya 4: Usidanganywe na asilimia ya unyevu

Februari ilikuwa kipenzi cha bibi harusi. Mvua ni kama milimita 55, si mbaya. Unyevu wa hewa ni asilimia 76, na Agosti pia ni 76. Akasema basi hali ni sawa. Si sawa hata kidogo, kwa sababu asilimia hiyo ni ya kiasi cha mvuke ambacho hewa inaweza kubeba, na hewa ya joto hubeba mwingi zaidi.

Badala yake kadiria joto la umande, yaani joto ambalo hewa ikipoa kulifikia huanza kutoa maji. Njia ya haraka ni hii:

```
joto la umande = joto la wastani - (100 - unyevu) / 5
```

Februari Dar, wastani wa mchana na usiku ni kama nyuzi 28, kwa hiyo 28 toa 4.8 ni kama 23. Agosti wastani ni karibu 24, unapata 19. Ikipita 21 hivi, jasho halikauki vizuri, na ikifika 23 au 24 bwana harusi mwenye suti ya vipande vitatu analoa kabla ya kuvishana pete. Kanuni hii inafaa hewa yenye unyevu zaidi ya asilimia 50, na pwani yetu haina shida hiyo.

Halafu soma joto la saa yako. Joto la juu kwenye jedwali ni la saa 8 au 9 mchana, la chini ni la alfajiri. Agosti ni karibu 29 na 18, kwa hiyo saa 2 usiku utakuwa katikati, kama 23 au 24. Wazee wataomba kitenge cha kujifunika mabegani. Februari ni 32 na 23, na usiku haupoi.

Hatua ya 5: Wastani unaficha miaka mibaya

Oktoba wastani ni karibu milimita 70, inapendeza kwa macho. Lakini vuli hubadilika sana. Mwaka wa El Niño, au Bahari ya Hindi upande wetu ikipata joto kuliko upande wa Indonesia, mvua huongezeka kupita kiasi, kama ilivyokuwa 1997, 2019 na 2023. Jedwali zuri huweka pia kiwango cha juu kabisa kilichowahi kupimwa. Kama hakipo, tafuta utabiri wa msimu wa vuli wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambao hutoka kabla ya msimu kuanza. Tatizo ni kwamba malipo ya awali ya bustani huwa yameshatolewa. Ndiyo maana 30 Oktoba tuliiweka pembeni.

Hatua ya 6: Kilichokosekana kwenye jedwali

Ikabaki 21 Agosti: mvua kama milimita 24 kwa mwezi mzima na hewa nyepesi. Lakini Agosti ni msimu wa kusi, na kusi ufukweni hupeperusha vitambaa vya jukwaa na kuzima mishumaa, jambo ambalo safu za mvua na joto hazitakuambia. Nilikwenda bustanini saa 10 alasiri nikasimama pale jukwaa litakapokaa. Upepo ulikuja moja kwa moja kutoka kusini, upande ambao mama alitaka wageni waelekee. Tukaligeuza jukwaa liwe nyuma ya ukuta wa jiko, mahema yakapangwa kufungwa kwa nanga badala ya mifuko ya mchanga, na maua ya kuning'inia tukayabadilisha na ya mezani. Mama akalipia malipo ya awali siku ileile.